Biashara Inapokua Hadi Gharama Zikaanza Kupanda

Kiwanda kinapoongeza uzalishaji, gharama ya kutengeneza kitu kimoja kwa kawaida hushuka. Hushuka kwa muda, hufika mahali ikatulia, kisha katika biashara nyingi huanza kupanda tena, ingawa mashine ni nzima, wafanyakazi ni hodari na wateja wapo. Kule kushuka huitwa nafuu ya ukubwa, na kule kupanda huitwa hasara ya ukubwa. Yote mawili hupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni gharama ya wastani: gharama zote za siku au za mwezi zikigawanywa kwa idadi ya vitu vilivyouzwa. Anayetazama mauzo peke yake hawezi kuona tofauti, kwa sababu mauzo hupanda katika hali zote mbili.

Jambo linalowaponza wenye biashara wengi ni kwamba nafuu na hasara hazijitokezi kwa namna moja. Nafuu huonekana mahali pamoja tena mapema: ankara ya unga inakuja na bei ndogo, tanuri jipya linaoka mikate mingi kwa umeme karibu ule ule. Hasara hutawanyika. Kidogo kiko kwenye mafuta ya gari, kidogo kwenye malipo ya saa za ziada, kidogo kwenye bidhaa zilizorudi dukani, kidogo kwenye mshahara wa mtu aliyeajiriwa ili kumsimamia mtu mwingine. Hakuna ankara inayokuja imeandikwa jumla yake. Ndiyo maana biashara inaweza kuivuka ile hatua ya nafuu na kuingia kwenye hasara, na mwenyewe asijue kwa miaka.

Bekari ya mji wa kawaida wa Tanzania inafaa kuwa mfano, kwa sababu mkate ni bidhaa moja, unahesabika, na hauwezi kukaa sana. Hesabu zinazofuata ni za kielelezo, zimepigwa kwa namba za mviringo ili zifuatike kwa urahisi.

Chukulia bekari inayooka mikate 1,000 kwa siku na kuiuzia maduka kwa shilingi 1,200 kila mmoja. Unga, hamira, sukari, mafuta na mfuko wa plastiki hugharimu shilingi 800 kwa mkate. Kodi ya jengo, mishahara ya waokaji, umeme na uchakavu wa tanuri ni shilingi 300,000 kwa siku, iwe imeokwa mikate 600 au 1,000. Hizi huitwa gharama za kudumu. Zikigawanywa kwa mikate 1,000, kila mkate unabeba shilingi 300. Jumla ni shilingi 1,100, na faida ni shilingi 100 kwa mkate. Mwenye bekari anapata shilingi 100,000 kwa siku.

Anakopa, ananunua tanuri kubwa na mashine ya kukandia, anafikia mikate 5,000. Sasa unga anauchukua kinuni kwa lori zima badala ya kununua magunia machache duka la jumla, hivyo malighafi zinashuka hadi shilingi 740 kwa mkate. Gharama za kudumu zimepanda hadi shilingi 900,000 kwa siku, lakini zikigawanywa kwa mikate 5,000 ni shilingi 180 tu. Mkate sasa unagharimu shilingi 920. Faida imetoka shilingi 100 hadi 280 kwa mkate, na kwa siku imefika shilingi 1,400,000. Mauzo yamekua mara tano, faida imekua mara kumi na nne. Mtu aliyeona hesabu kama hii mara moja ni vigumu kumshawishi kwamba hatua inayofuata inaweza kuwa tofauti.

Nafuu hiyo imetoka sehemu tatu. Ya kwanza ni gharama za kudumu kugawanywa kwa mikate mingi zaidi. Ya pili ni nguvu ya mnunuzi mkubwa mbele ya muuzaji: kinu cha unga kinapenda mteja wa lori kuliko wateja hamsini wa gunia moja moja, kwa kuwa hupakia mara moja na kuandika ankara moja. Ya tatu imo ndani ya umbo la vyombo vyenyewe, na haisemwi mara nyingi. Tangi au tanuri likiongezwa ukubwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, kuta zake huongezeka mara nne, lakini nafasi ya ndani huongezeka mara nane. Chuma kinachonunuliwa ni cha kuta, na joto linalopotea hupotelea kwenye kuta. Kinachouzwa ni kilichooka ndani. Wahandisi wa viwanda vya kemikali, mafuta na bia wana kanuni ya makisio kwamba mtambo wenye uwezo mara mbili hugharimu takriban mara moja na nusu tu.

Kuna pia nafuu ya kugawana kazi. Katika bekari ya watu sita, mtu yule yule hupima unga, hukanda, huchoma na huenda kupanga mikate kwenye gari. Wakiwa watu thelathini, mmoja anaweza kukaa kwenye tanuri tu, akajua kwa rangi ya ganda ni dakika ngapi zimebaki. Adam Smith aliliandika jambo hili mwaka 1776 kwa mfano wa karakana ndogo ya pini: watu kumi waliogawana hatua za kazi waliweza kutoa pini 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja asiyefundishwa kazi hiyo, akifanya kila kitu peke yake, angetoa chini ya 20.

Mfano mkubwa kuliko yote wa nafuu ya ukubwa ni gari la Ford Modeli T. Lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1908, na bei yake ilikuwa dola 850. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, kampuni iliacha kuwapeleka mafundi kwenye gari, ikaanza kulivuta gari lipite mbele ya mafundi. Kuunganisha fremu na sehemu zake kulikuwa kunachukua zaidi ya saa 12. Katika miezi michache kukawa dakika 93. Gharama iliposhuka, Henry Ford alishusha bei, wanunuzi wakaongezeka, na wingi wao ukashusha gharama tena. Kufikia mwaka 1925 Modeli T ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 260. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, zaidi ya nusu ya magari yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya Ford.

Lakini kampuni hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri upande wa pili, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu hasara zilianza kujitokeza wakati nafuu bado inaendelea.

Ya kwanza ilihusu watu. Kazi iliyogawanywa vipande vidogo sana humchosha mtu. Mfanyakazi wa Highland Park aliyekuwa fundi aliyejua gari zima sasa alikaza boliti zile zile siku nzima kwa mwendo uliopangwa na mnyororo. Mwaka 1913 waliacha kazi kwa wingi kiasi kwamba, ili nafasi 100 zijazwe mwaka mzima, kampuni ililazimika kuajiri watu wapatao 370. Kila mgeni alipaswa kuandikishwa, kuonyeshwa kazi na kuharibu vipande kadhaa kabla hajazoea. Tiba ya Ford, iliyotangazwa Januari 1914, ilikuwa malipo ya dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya kiwango cha wakati huo, na siku ya kazi ya saa 8 badala ya 9. Dunia ililiona tangazo hilo kama ukarimu. Kwa hesabu ya kiwanda, yalikuwa malipo ya kuzuia hasara ya ukubwa, na yalifanya kazi: watu waliacha kuondoka.

Ya pili ilikuwa ugumu wa kubadilika. Mtambo uliojengwa kutoa kitu kimoja kwa bei ndogo kabisa hauwezi kutoa kitu kingine bila kubomolewa. Katikati ya miaka ya 1920 Wamarekani walianza kutaka gari lenye rangi, lililofunikwa vizuri, lenye gia rahisi. Ford ilikuwa na mashine maelfu zilizotengenezwa kwa ajili ya Modeli T tu, na kiwanda kipya cha Mto Rouge kilichoyeyusha chuma chake, kuoka kioo chake na kufua umeme wake. Mei 1927, baada ya kutoa Modeli T zaidi ya milioni 15, kampuni ilisimamisha uzalishaji ili ijiandae kwa gari jipya. Modeli A haikuonyeshwa kwa umma hadi Desemba mwaka ule. Kampuni kubwa kuliko zote katika fani yake ilikaa miezi mingi bila gari la kuuza, na Chevrolet ikaipita.

Ya tatu ndiyo iliyo kiini cha jambo zima: uamuzi. Henry Ford alitaka maamuzi makubwa yapite mkononi mwake. Kwa karakana ya watu mia hilo ni jambo la nguvu, kwa sababu mwenye kuamua anaona kwa macho yake. Kwa kampuni yenye makumi ya maelfu ya watu, migodi, meli na matawi ng'ambo, mtu mmoja hawezi kujua hata sehemu ndogo ya yanayotokea. Mameneja waliotaka kuamua waliondoka au waliondolewa. Mmoja wao, William Knudsen, aliacha kazi mwaka 1921 akaenda General Motors, na ndiye aliyeiongoza Chevrolet hadi ikamshinda mwajiri wake wa zamani.

Mjukuu wake, Henry Ford wa Pili, alipokabidhiwa kampuni Septemba 1945, alikuta haina hesabu za gharama zinazoweza kutegemewa. Haikujulikana kila idara inatumia kiasi gani, wala kila sehemu ya gari inagharimu nini. Inasimuliwa kwamba katika ofisi moja madeni ya ankara yalikadiriwa kwa kupima uzito wa rundo la karatasi kwenye mizani. Kampuni ilikuwa ikipoteza mamilioni ya dola kila mwezi na hakuna aliyeweza kuonyesha zinapotelea wapi. Aliajiri kundi la maofisa kumi vijana waliotoka kitengo cha takwimu cha jeshi la anga, akiwemo Robert McNamara, na mwaka 1946 akamchukua Ernest Breech kutoka kampuni iliyokuwa chini ya General Motors. Kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa kuhesabu.

Kwa nini usimamizi unashindwa kukua kwa wepesi kama tanuri? Sababu inaanzia kwenye idadi ya watu wanaopaswa kuelewana. Watu sita wakifanya kazi pamoja, kuna jozi 15 za watu wanaoweza kuzungumza wao kwa wao. Wakiwa watu 60, jozi ni 1,770. Watu wameongezeka mara kumi, mahusiano yameongezeka zaidi ya mara mia. Hakuna mahali pa kazi panapoweza kubeba mazungumzo yote hayo, kwa hiyo huwekwa ngazi: wafanyakazi kumi chini ya msimamizi, wasimamizi kadhaa chini ya meneja, mameneja chini ya mkurugenzi. Ngazi huondoa vurugu, lakini kila ngazi ina mshahara wake, na kila ngazi hupunguza kitu katika habari inayopita.

Oliver Williamson, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2009, aliliweka hilo katika hesabu kwenye makala yake ya mwaka 1967. Kwa lugha nyepesi: tuseme kila ngazi hutekeleza tisa ya kumi ya nia ya ngazi iliyo juu yake, jambo ambalo si baya hata kidogo. Baada ya ngazi mbili kinachofika chini ni asilimia 81. Baada ya ngazi nne ni kama asilimia 66. Hakuna aliyeasi wala aliyezembea. Theluthi moja ya kusudio imepotea njiani tu. Habari zinazopanda kutoka chini hupotea vivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu mtu hupenda kumpelekea mkubwa wake habari njema. Ronald Coase alikuwa amekwishaonyesha mwaka 1937 kwamba kampuni huendelea kukua hadi pale gharama ya kuipanga kazi moja zaidi ndani inapolingana na gharama ya kumwachia mtu mwingine sokoni aifanye. Kwa maneno mengine, mpaka wa kampuni umewekwa na usimamizi zaidi kuliko mashine.

Turudi kwenye bekari. Mwenyewe anaongeza tanuri mbili, anaanzisha zamu ya usiku na kupeleka mikate hadi miji ya jirani. Lengo ni mikate 15,000 kwa siku. Hesabu yake ya mezani ni safi: malighafi zitashuka hadi shilingi 700 kwa mkate, gharama za tanuri na waokaji zitakuwa shilingi 2,250,000 kwa siku, yaani 150 kwa mkate, na jumla itakuwa 850. Hesabu hiyo haina kosa lolote. Imeacha tu kuhesabu vitu ambavyo bekari ya mikate 5,000 haikuwa navyo.

Kwanza ni unga. Zamani mwenyewe alikuwa na ufunguo wa stoo na alijua gunia moja linatoa mikate mingapi. Sasa kuna mtunza stoo, zamu mbili na vitabu viwili. Donge linalokatwa zito kidogo kuliko kipimo halionekani kwa macho, lakini likirudiwa mara elfu kadhaa ni magunia. Ongezeni yanayomwagika, yanayoharibika na yanayotoka kwa mlango wa nyuma, yote yanafika shilingi 20 kwa mkate. Ofisi, yenye meneja, mhasibu, msimamizi wa kila zamu na walinzi, ni shilingi 900,000 kwa siku, yaani 60 kwa mkate. Usafirishaji wa mbali ni shilingi 750,000, yaani 50. Saa za ziada na dizeli ya jenereta umeme unapokatika zamu ya usiku ni shilingi 300,000, yaani 20. Mkate uliotarajiwa kugharimu 850 umefika 1,000 kabla haujatoka getini.

Kisha kuna mikate inayorudi. Bekari ilipokuwa ndogo, mwenyewe alijua kwamba duka la karibu na shule halichukui mikate mingi wakati wa likizo, na kwamba la stendi linaongeza Ijumaa. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Sasa oda hukusanywa na dereva, hupelekwa kwa karani, hujumlishwa na msimamizi, na waokaji hupewa namba moja. Katika mikate 15,000, 900 inarudi ikiwa imekaa. Gharama yake inabebwa na ile 14,100 iliyouzwa, na gharama halisi ya kila mkate uliouzwa inakuwa shilingi 1,064.

Mapato ya siku ni shilingi 16,920,000, gharama ni shilingi 15,000,000, na faida ni shilingi 1,920,000. Faida ya jumla imepanda kutoka 1,400,000, na hilo ndilo linalodanganya. Kwa kila mkate, faida imeshuka kutoka shilingi 280 hadi 136. Mikate 10,000 iliyoongezwa imeleta shilingi 520,000 tu, yaani shilingi 52 kwa kila mkate wa nyongeza, na bado mkopo wa tanuri mpya una riba yake. Bei ya unga ikipanda kidogo, bekari kubwa itaumia kabla ya ile ndogo.

Dalili za kuingia katika hali hii zinaweza kuonekana mapema, ingawa si kwenye daftari la mauzo. Moja ni muda kati ya tatizo kutokea na mwenye mamlaka ya kulitatua kulijua: mashine ya kukandia ikianza kutoa sauti Jumatatu, na fundi akaitwa Alhamisi kwa sababu idhini ya matumizi ilikuwa inasubiri saini, ukubwa umekwisha kudai malipo yake. Nyingine ni uwiano wa wanaosimamia kwa wanaozalisha. Ukikua haraka kuliko uzalishaji, nafuu ya tanuri inaliwa mezani. Ya tatu, na huenda iliyo ya uhakika zaidi, ni kiasi cha malighafi kwa kila kitu kinachouzwa. Bei ya unga hupanda na kushuka kwa sababu za soko, lakini gramu za unga kwa mkate mmoja hazina sababu ya kupanda isipokuwa usimamizi umelegea.

Ni muhimu kutochanganya hasara hii na nyingine inayofanana nayo. Bekari ikibaki na tanuri lile lile na kuongeza waokaji tu, itafika mahali watu wanagongana na kila mwokaji mpya anaongeza mikate michache kuliko aliyemtangulia. Hilo ni tatizo la kitu kimoja kukosa nafasi ya kukua, na dawa yake ni tanuri la pili. Hasara ya ukubwa hutokea hata pale kila kitu kimeongezwa kwa uwiano: tanuri, watu, magari na majengo. Kuinunulia mashine zaidi biashara yenye ugonjwa wa pili kwa kudhani ni wa kwanza ni kosa la gharama kubwa, na hutokea mara nyingi, kwa sababu mashine inanunulika na usimamizi haununuliki.

Jibu lililofanikiwa zaidi kwa kampuni kubwa lilitoka General Motors. Alfred Sloan, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo kuanzia mwaka 1923, alikuta mkusanyiko wa kampuni za magari zilizonunuliwa na kuachwa zishindane zenyewe. Hakuzivunja ziwe kiwanda kimoja kikubwa. Chevrolet, Buick, Oldsmobile, Cadillac na baadaye Pontiac kila moja ilibaki na uongozi wake, uliokuwa na mamlaka juu ya uzalishaji na mauzo yake na uliowajibika kwa faida yake. Makao makuu yalishika mambo machache: mtaji, sera ya bei, na hesabu zilizopigwa kwa namna moja ili kitengo kimoja kiweze kulinganishwa na kingine kwa faida iliyopatikana juu ya mtaji uliotumika. Manunuzi yaliyofaa kufanywa pamoja yalifanywa pamoja. Kwa hiyo nafuu ya ukubwa ilichukuliwa pale ilipo kweli, kwenye fedha na vipuri, na maamuzi ya kila siku yakaachwa karibu na wanaoyajua.

Mpango wa Sloan una gharama zake. Vitengo hurudia kazi, kila kimoja na mhasibu wake na ofisi yake, na mameneja wake huweza kupendelea namba za kitengo kuliko maslahi ya kampuni nzima. Unafaa pia pale tu ambapo kazi inaweza kukatwa katika sehemu zinazojitegemea kihesabu. Mtambo mmoja wa saruji hauwezi kukatwa hivyo, na mtandao wa reli ni shida kuukata.

Hata bekari yenye tanuri tatu inaweza kutumia sehemu ya mbinu hiyo, nayo ni kupiga hesabu kwa kila njia ya gari badala ya biashara nzima. Tuseme njia ndefu kuliko zote inachukua mikate 3,000. Inayorudi ni 600, hivyo inauza 2,400 na kuleta shilingi 2,880,000. Malighafi za mikate 3,000, kwa shilingi 720 pamoja na kinachopotea stoo, ni shilingi 2,160,000. Gari na dereva ni shilingi 500,000. Saa za ziada na dizeli, ambazo nyingi zinatokana na zamu inayooka kwa ajili ya njia hii, ni shilingi 250,000. Jumla ya matumizi ambayo yangeondoka pamoja na njia hiyo ni shilingi 2,910,000. Gari linaondoka alfajiri limejaa, linarudi na pesa mkononi, na kila siku bekari inapoteza shilingi 30,000 kwa kulipeleka.

Njia hiyo ikifungwa, bekari inaoka mikate 12,000, inauza 11,700, na faida ya siku inapanda hadi shilingi 1,950,000. Uzalishaji umepungua kwa sehemu moja ya tano na pesa zimeongezeka. Gharama za ofisi hazikushuka hata shilingi moja katika hesabu hii, na hazitashuka zenyewe: msimamizi aliyeajiriwa kwa ajili ya zamu ya usiku hubaki hadi mtu aamue kumpa kazi nyingine.

Kuna njia nyingine isiyo kufunga, nayo ni kujenga tanuri dogo katika mji ule wa mbali na kulikabidhi kwa mtu anayewajua wenye maduka wa huko, akapewa sehemu ya faida yake. Tanuri dogo litaoka kwa gharama kubwa zaidi kwa mkate. Likioka kwa shilingi 100 zaidi ya tanuri kubwa, bado linaweza kushinda, kwa kuwa usafiri wa njia ile umekuwa ukigharimu zaidi ya shilingi 200 kwa kila mkate uliouzwa, na mikate 600 iliyorudi imekula unga wa shilingi 432,000 kila siku. Kadiri bidhaa ilivyo nyepesi kuharibika na kubwa kwa ujazo ukilinganisha na bei yake, ndivyo ukubwa unaofaa ulivyo mdogo. Ndiyo sababu bekari nyingi duniani huhudumia mji na vitongoji vyake, wakati kiwanda cha betri za redio au cha dawa za vidonge kinaweza kuhudumia nchi kadhaa kutoka jengo moja.